Dakika Tatu Mbele ya Halmashauri: Kuupima Muhtasari wa Pesa za Matangazo

Katika Sacco za wakulima huku kwetu Embu na Meru, wajumbe wa halmashauri huchaguliwa na wanachama wenyewe: mkulima wa chai, mwalimu mstaafu, mwenye duka sokoni Kanja. Riba wanaijua, na mkopo uliokwama wanaujua zaidi. Matangazo hawakuyasomea. Afisa wa masoko akipewa dakika tatu awaeleze mwaka mzima, tena kwa mdomo tu, sikiliza kwanza pesa anazigawanya kwa idadi ya nini.

Wengi huanza na idadi ya mara tangazo lilipoonekana Facebook. Hapo mimi hufunga daftari, maana kuonekana hakulipi riba. Aliye nafuu hugawanya kwa wanachama waliojiandikisha. Aliye bora hugawanya kwa wanaoweka akiba. Wajumbe wanaolima kahawa hawahitaji kufundishwa tofauti hiyo, kwani wanajua kilo 6 au 7 za kahawa mbivu hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi, na hakuna anayehesabu mapato yake kwa mbivu.

Tuchukue Sacco ya kubuni. Imetumia shilingi 1,800,000 kwa mwaka: tangazo katika redio ya Wimwaro FM, gari la vipaza sauti sokoni, na Facebook kidogo. Waliojiandikisha ni 1,200, kwa hiyo kila mmoja kagharimu 1,500. Hesabu ni sahihi, lakini ukifungua vitabu unakuta 300 kati yao hawakuweka hata senti baada ya mwezi wa tatu. Wamebaki 900, na gharama imepanda hadi 2,000.

Bado hatujafika. Bonasi ya chai hulipwa karibu na Oktoba, na mkulima aliyepata pesa nyingi kwa mkupuo hutafuta mahali pa kuziweka, tangazo liwepo lisiwepo. Aliyetangaza kwa kishindo mwezi wa Septemba hujikuta anajisifia kazi ya majani chai. Ndiyo maana muhtasari mzuri hujibu swali ambalo wajumbe huwa hawajaliuliza: wangapi wangekuja hata tungenyamaza?

Kulijibu si rahisi. Redio huwezi kuizima kijiji kimoja. Wimbi likifika Runyenjes limefika na Kanja. Gari la vipaza sauti unaweza. Lipeleke soko moja, soko jingine uliache kimya miezi mitatu, kisha linganisha kila soko na miezi iyo hiyo ya mwaka uliopita. Kwa redio unabaki na njia dhaifu zaidi: kusitisha wiki kadhaa na kutazama kama wanaojiandikisha wanapungua. Masoko hayafanani, na bei ya kahawa ikibadilika inavuruga ulinganisho wote. Kwa hiyo msemaji mwaminifu hatoi namba moja iliyonyooka. Husema hivi:

“Tulitumia shilingi milioni moja na laki nane. Kati ya wanaoweka akiba leo, tunakadiria mia nne hadi mia sita wasingekuja bila matangazo. Kila mmoja ametugharimu kati ya elfu tatu na elfu nne na mia tano. Mwanachama hutuachia faida ya kama elfu moja na mia tano kwa mwaka, kwa hiyo pesa hizo zitarudi baada ya miaka miwili hadi mitatu, akikaa. Gari la sokoni Oktoba halikuongeza kitu tunachoweza kukionyesha. Naomba fungu hilo lihamishiwe Machi.”

Sikiliza ilivyojengwa. Namba ni chache na za mviringo, kwa kuwa anayesikiliza hawezi kurudi ukurasa wa nyuma. Neno “akikaa” limebeba hatari yote bila hotuba. Kilichoshindwa kimetajwa kwa jina la kazi yake, hakikufichwa ndani ya wastani. Hapo ndipo wengi huteleza: wastani wa mwaka unaweza kupendeza huku laki mbili za mwisho zikiwa zimemwagwa bure. Mwishoni kuna ombi ambalo mwenyekiti anaweza kulipigia kura palepale.

Mimi ningependa pia sentensi moja kuhusu mwaka uliotangulia, lakini kwa sharti kwamba kigawanyo hakikubadilishwa. Akisema gharama imeshuka, muulize kama mwaka jana naye alihesabu wanaoweka akiba au waliojiandikisha. Ukimya mrefu hapo ni jibu tosha.

Kisha subiri maswali. Mjumbe mmoja atauliza kwa nini redio isifungwe kabisa mwaka mmoja ili ukweli ujulikane. Afisa mjuzi hatajitetea. Atapendekeza wiki sita, nje ya msimu wa bonasi, na atataja mapema ni upungufu wa wanachama wangapi utakaomfanya akubali kwamba redio inafanya kazi.