Bei ya tofali si bei ya ukuta

Ukimuuliza fundi gharama ya ukuta, mara nyingi atakutajia bei ya tofali moja. Lakini matofali hayalingani ukubwa, wala hayali saruji sawa. Kipimo cha haki ni mita moja ya mraba ya ukuta uliokamilika.

Tuanze na bloku ya inchi 6, yenye urefu wa sentimita 45 na kimo cha 22.5. Mita moja ya mraba huchukua bloku 10 hivi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa bloku 32, hizo 10 zimekula takriban kilo 16. Ongeza kilo 5 za kujengea na kilo 10 za lipu ndani na nje, jumla inafika kilo 31.

Tofali la udongo la kufungamana lina sentimita 30 kwa 15 kwa 10, hivyo mita hiyo inahitaji 33. Kila moja lina uzito wa kilo 8.5 hivi. Saruji ikiwa asilimia 7, yote 33 yanatumia kilo 20. Yanapangwa bila saruji katikati, na yakitoka safi huachwa bila lipu. Kwa kuta za mita za mraba 120 unaokoa zaidi ya kilo 1,300, yaani mifuko 26.

Akiba hiyo hutegemea udongo. Ujaze ukiwa na unyevu kwenye kisanduku cha urefu wa sentimita 60, uuache ukauke, kisha upime ulivyosinyaa. Ukisinyaa sana, mfinyanzi umezidi: ongeza mchanga, la sivyo matofali yatapasuka. Yakishakandamizwa, yafunikwe na kumwagiwa maji kwa siku 7 angalau. Kuyaanika juani mapema hukatiza ugumu wa saruji.

Tofali la kuchoma halina saruji ndani, lakini hula kuni, na viungo vyake ni vingi. Likipinda kwenye tanuri, fundi hulisawazisha kwa saruji nene. Yaliyokaa pembezoni mwa tanuri huiva nusu: ukiyagonganisha hutoa sauti nzito badala ya mlio mkali, na mvua huyamomonyoa.

Kwa joto, unene wa ukuta una uzito kuliko jina la tofali. Bloku ya inchi 6 hupitisha joto haraka zaidi, tofali la kufungamana hupitisha kidogo kuliko hiyo, na ukuta wa tofali la kuchoma wa sentimita 22 huchelewesha joto kuliko yote mawili. Ukuta huo mnene unafaa Iringa, ambako usiku una baridi. Dar es Salaam, joto lililohifadhiwa mchana hutoka usiku watu wakiwa wamelala, kwa hiyo kivuli na madirisha yanayopitisha upepo ndiyo msaada mkubwa.

Aliye na udongo unaofaa na mashine karibu achague la kufungamana, kisha akiba ya saruji aiweke kwenye dari, maana chini ya mabati joto kubwa huingia kutoka juu.