Mvua Moja, Mstari Mmoja: Bei ya Sukari Katika Mchoro

Mwanzoni mwa mwaka 2024 kilo ya sukari nchini Tanzania ilipita shilingi 4,000 katika maeneo mengi, na kwingine ikawa haipatikani kabisa. Sababu ilifahamika. Mvua kubwa za El Nino zilijaza maji mashamba ya miwa, magari ya kubeba miwa yakakwama, na viwanda vikakosa cha kusaga. Kwa mwanafunzi wa uchumi wa kidato cha tano au cha sita, tukio hili ni swali la ugavi na mahitaji lililojiandika lenyewe. Tena ni swali zuri, kwa sababu linanasa kosa ambalo wasahihishaji hulikuta mara kwa mara: mistari miwili kuhama pale ambapo ulipaswa kuhama mmoja.

Kosa hilo huja hivi. Mwanafunzi anaandika kwamba mvua imepunguza ugavi, basi anauhamisha mstari wa ugavi kwenda kushoto. Sawa kabisa. Kisha anaendelea: bei imepanda, kwa hiyo watu wamepunguza kununua, kwa hiyo mahitaji yameshuka. Anauhamisha na mstari wa mahitaji kwenda kushoto. Sasa bei inarudi chini karibu na ilipokuwa, na mchoro wake unasema mvua haikupandisha bei ya sukari. Kila hatua ilionekana ina mantiki, lakini jibu linapingana na kilichotokea dukani.

Alipopotea ni pale alipoichukua bei ya sukari kuwa sababu ya kuhamisha mstari. Bei ya bidhaa yenyewe tayari imo ndani ya mchoro, kwenye mhimili wa wima, na mstari wa mahitaji umechorwa ili uonyeshe kiasi ambacho watu wangenunua kwa kila bei. Bei ikipanda, wanunuzi husogea tu juu ya mstari uleule, kutoka sehemu ya chini kwenda sehemu ya juu. Mstari wenyewe huhama pale kinapobadilika kitu kilicho nje ya mihimili miwili: kipato, msimu, bei ya bidhaa nyingine, gharama za uzalishaji, hali ya hewa. Kwa hiyo kabla kalamu haijagusa karatasi, swali la kujiuliza ni hili: kilichobadilika ni bei ya sukari, au ni kitu kingine?

Namba husaidia kuliona jambo hili. Tuseme mji mmoja wa mfano unanunua na kuuza sukari kwa kanuni hizi, ambapo P ni bei ya kilo kwa maelfu ya shilingi na Q ni tani kwa siku:

```
Mahitaji (D1):          Q = 130 - 20P
Ugavi (S1):             Q = 10 + 20P
Ugavi baada ya mvua (S2): Q = -30 + 20P
```

Kabla ya mvua mistari inakutana penye bei ya shilingi 3,000 na tani 70. Hiyo ni nukta E1, na kutoka hapo mistari ya nukta inashushwa hadi P1 kwenye mhimili wa bei na Q1 kwenye mhimili wa kiasi. Mvua inaondoa tani 40 kwa kila bei, ndipo S1 inakuwa S2. Msawazo mpya, E2, uko penye shilingi 4,000 na tani 50.

Hapo pana jambo linalostahili kutazamwa kwa utulivu. Mvua imeondoa tani 40, lakini kiasi kilichouzwa kimepungua kwa 20 tu. Zile 20 nyingine zimekwenda wapi? Jibu lake ndilo maelezo ambayo mchoro peke yake hauyasemi, na ndiyo yanayobeba alama nyingi za swali.

Maelezo hayo huanzia kwenye bei ya zamani. Kwa shilingi 3,000, baada ya mvua, wanunuzi bado wanataka tani 70 huku wauzaji wakiweza kuleta 30. Pana uhaba wa tani 40. Wanunuzi wanaogombania sukari kidogo wako tayari kulipa zaidi, na bei inaanza kupanda. Inapopanda, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Baadhi ya wanunuzi wanapunguza, wakisogea juu ya D1 kutoka tani 70 hadi 50. Na wauzaji wanavutiwa kuleta zaidi, kwa mfano kwa kutoa akiba ghalani, wakisogea juu ya S2 kutoka tani 30 hadi 50. Uhaba wa tani 40 umezibwa nusu na wanunuzi, nusu na wauzaji. Mwanafunzi anayeruka sentensi ya "kwa bei ya zamani" hana njia ya kueleza kwa nini bei ilipanda; anaweza tu kutangaza kwamba imepanda.

Kuna mtego mwingine kwenye jicho. Mstari wa ugavi unapohama kushoto, kwenye karatasi unaonekana pia kama umepanda juu, na wengi huandika kwamba ugavi umeongezeka. Dawa yake ni kuusoma mchoro kwa mlalo: chagua bei moja, pita nayo kutoka S1 hadi S2, uone kama kiasi kimeongezeka au kimepungua. Mshale wa kuonyesha mhamo nao uchorwe kwa mlalo.

Katikati ya Machi 2024 ukaingia Ramadhani, mwezi ambao sukari huhitajika zaidi kwa uji, chai na vitu vitamu vya futari. Hapa sasa mstari wa mahitaji unahama kwa haki yake, kwenda kulia, kwa sababu kilichobadilika ni msimu. Bei inasukumwa juu kutoka pande zote mbili, hilo halina shaka. Kiasi je? Mahitaji yakiongezeka kwa tani 20 kwa kila bei, mji wetu wa mfano unafika shilingi 4,500 na tani 60, bado chini ya zile 70 za awali. Yangeongezeka kwa 40, kiasi kingerudi 70 kamili. Yangezidi hapo, kingepita. Swali lisilotaja ukubwa wa mihamo linastahili jibu kwamba bei itapanda na kiasi hakiwezi kujulikana. Jibu hilo ni kamili, wala mwanafunzi asiogope kuliandika.

Serikali nayo iliingia mapema. Januari mwaka huo ilitangaza bei elekezi za rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kulingana na kanda, na vibali vya kuagiza sukari nje vikatolewa. Kwenye mchoro hatua hizi mbili hazifanani hata kidogo. Sukari kutoka nje inauhamisha mstari wa ugavi kwenda kulia. Bei elekezi haihamishi mstari wowote: huchorwa kama mstari wa mlalo chini ya E2, na hauandikwi D wala S. Katika mji wetu, ikiwekwa shilingi 3,000 na kutiiwa kabla ya Ramadhani, inakutana na S2 penye tani 30 na D1 penye tani 70. Nafasi kati ya nukta hizo ndiyo uhaba, na iwekewe alama kwenye mhimili wa kiasi. Kinachouzwa ni tani 30, pungufu ya zile 50 za soko lisilo na kikomo. Nani anazipata tani hizo 30, aliyewahi foleni, anayefahamiana na mwenye duka, au aliyelipa zaidi kwa siri, mchoro haujibu, kwa hiyo maelezo yakifika hapo yanapaswa kuuacha mchoro na kuzungumzia soko lenyewe.