Mwezi wa Hasara: Soko, Bei au Ishara Zilizoachwa?

Mfumo uliojaribiwa kwa data za zamani unapoanza kutumia fedha halisi na mwezi ukaisha kwa hasara, wengi hulinganisha matokeo ya mwezi huo na wastani wa jaribio. Ulinganisho huo hausemi mengi. Tuchukue mfano wa roboti la EURUSD linaloingia sokoni mshumaa wa dakika 15 unapofungwa nje ya masafa ya asubuhi, London inapofunguliwa. Kizuia hasara kiko pip 10 kutoka bei ya kuingia, na pip hizo 10 tunaziita R 1. Katika jaribio, biashara 45 kati ya 100 zilishinda, kila moja ikileta R 1.8, na zilizobaki zikapoteza R 1. Wastani ni R 0.26 kwa kila biashara.

Matokeo yanaporuka kati ya +1.8 na −1, mtawanyiko wake ni kama R 1.4. Kwa biashara 24 za mwezi, wastani unaweza kuwa popote kati ya −0.31 na +0.83 bila mfumo kuharibika hata kidogo. Kwa hiyo mwezi wa hasara ukiutazama peke yake, huwezi kujua kama ni bahati mbaya au ni ugonjwa.

Njia inayofaa ni kuendesha jaribio upya kwa mwezi uleule, kisha kuoanisha kila biashara halisi na pacha wake wa jaribio:

```
d = R_live - R_test
```

Pande zote mbili zimepita katika soko lilelile, hivyo bahati ya mwezi inajifuta na tofauti inabaki peke yake. Lakini hili linawezekana tu kama shajara ina safu za kutosha. Bei ya kuingia, ya kutoka na faida, taarifa ya broka inazo tayari. Zinazokosekana mara nyingi ni bei iliyokuwepo ishara ilipotokea, spredi ya wakati huo, umbali wa kizuia hasara, na mstari wa kila ishara ambayo haikuingia pamoja na sababu yake. Muda uandikwe kwa UTC. London hufunguliwa saa nne asubuhi ya Afrika Mashariki majira ya joto ya kwao, na saa tano majira ya baridi. Seva ya broka nayo ina saa yake. Saa zikichanganywa, biashara itaoanishwa na mshumaa usio wake.

Sasa mwezi wenyewe. Jaribio lilitarajiwa kuleta R 6.2 kwa ishara 24. Lilipoendeshwa upya kwa mwezi huo, lilipata ushindi 10 na hasara 14, yaani R +4. Akaunti halisi iliishia R −1.8. Pengo lote ni R 8, na sasa linagawanyika. R 2.2 zilipotelea sokoni, na kwa mtawanyiko tuliouona hilo ni jambo la kawaida. R 2.2 nyingine zilitokana na bei: katika biashara 22 zilizoingia, spredi na mteleziko vilikula wastani wa pip 1, yaani R 0.1 kila moja, juu ya gharama iliyowekwa kwenye jaribio. Mtawanyiko wa d ukiwa R 0.12, kosa la wastani wake ni kama 0.026 tu. Tofauti ya 0.1 ni karibu mara nne ya kosa hilo. Mwezi mmoja umetosha kuithibitisha.

R 3.6 zilizobaki ndizo zinazonishughulisha zaidi. Ni ishara 2 ambazo hazikuingia, na zote zingeshinda. Safu ya sababu inaonyesha kwamba roboti lina sharti la kutoingia bei ikikimbia zaidi ya pip 2 tangu ishara. Katika mfumo wa kuvunja masafa, bei inayokimbia mara nyingi ndiyo yenye nguvu ya kufika mbali, kwa hiyo sharti lililowekwa kuokoa gharama linaweza kuwa linachuja washindi. Ishara 2 ni chache mno kuthibitisha hilo. Hata hivyo, mwenendo huo ukiendelea, ushindi utashuka hadi asilimia 40, wastani uwe R 0.12, na baada ya gharama ya bei ibaki R 0.02.

Kwanza, usiguse kanuni ya kuingia. Weka sharti la pip 2 na gharama ya pip 1 ndani ya jaribio, liendeshe kwa miaka yote uliyonayo, kisha endesha tena bila sharti, ukihesabu bei halisi iliyokimbia. Hadi majibu yapatikane, punguza ukubwa wa biashara kwa nusu.