Karagwe, Kyerwa na hesabu ya kila watu elfu

Tuseme kiwango cha malaria ni kilekile katika mkoa mzima wa Kagera, na katika kila watu elfu kuna wagonjwa hamsini kwa mwaka. Haijawahi kuwa hivyo, lakini tukubali kwa ajili ya hesabu, kisha tuchore chati ya nguzo kwa kutumia idadi ya wagonjwa peke yake, iliyokokotolewa kwa watu wa sensa ya mwaka 2012. Muleba itasimama juu ya wote kwa wagonjwa 27,016. Karagwe itakuwa na 16,601 na Kyerwa 16,051. Manispaa ya Bukoba itakuwa chini kabisa, na wagonjwa 6,440. Kikao kikiiona chati hiyo kitauliza kwa nini Muleba imeelemewa na Bukoba mjini wanafanya nini kizuri. Jibu ni kwamba hakuna tofauti yoyote. Chati imechora sensa: Muleba ilihesabiwa watu 540,310, manispaa watu 128,796.

Dawa yake inajulikana, nayo ni kugawa wagonjwa kwa idadi ya watu na kuzidisha kwa elfu. Kwenye jedwali la kompyuta, ikiwa safu ya B ina wagonjwa na safu ya C ina watu, ni mstari mmoja tu:

```
=B2/C2*1000
```

Nguzo zote nane zitalingana kwenye hamsini, kama inavyopasa. Watu wengi huishia hapa na kuona kazi imekwisha. Mimi naona hapa ndipo kazi inapoanza, kwa sababu kosa halimo tena kwenye fomula. Limehamia kwenye safu ya C, na hakuna mahali pa kulionea vizuri kama Karagwe na Kyerwa.

Kwanza jambo la kushangaza kidogo. Mwaka 2012 wilaya hizi mbili zilikuwa karibu sawa kwa watu: Karagwe 332,020, Kyerwa 321,026. Tofauti ni watu 10,994, yaani kama asilimia tatu na nusu. Ukizilinganisha hizi mbili peke yake kwa mwaka huo, idadi ghafi haikudanganyi sana, na anayesema lazima kugawa kila wakati anatia chumvi. Hatari inaanza unapoziweka kwenye chati moja na Muleba au Missenyi, na inakuwa kubwa zaidi unapoongeza miaka.

Kyerwa haikuwepo kama wilaya katika sensa ya 2002. Eneo lake lote lilikuwa Karagwe, na Karagwe hiyo ilihesabiwa watu 425,476. Mwaka 2012 Kyerwa ikamegwa, na sensa ya Agosti mwaka huohuo ikahesabu kila wilaya kivyake. Anayechukua jina "Karagwe" kutoka vitabu viwili vya sensa na kuliweka kwenye mstari mmoja ataona watu wamepungua kutoka 425,476 hadi 332,020, kana kwamba wamehama. Ukweli ni kinyume. Unganisha Karagwe na Kyerwa za 2012 upate 653,046, na utaona eneo lilelile limeongezeka kwa zaidi ya nusu katika miaka kumi, wastani wa asilimia 4.4 kwa mwaka.

Sasa turudi kwenye wagonjwa wetu hamsini kwa kila elfu, tukiwashikilia hapohapo miaka yote kumi, tuone ofisi isiyo makini ingechora nini. Mwaka 2002 eneo lina wagonjwa 21,274. Ukigawa kwa 425,476 unapata hamsini, sawa. Miaka inayofuata sensa mpya haipo, basi mtakwimu anaendelea kugawa kwa 425,476 ileile. Watu wanaongezeka, wagonjwa wanaongezeka pamoja nao, lakini asili ya sehemu imesimama. Kufikia 2011 eneo lina watu wapatao 625,600 na wagonjwa 31,280, na kiwango kwenye chati kinasomeka 73.5. Mstari umepanda mwaka baada ya mwaka kama mlipuko wa polepole. Halafu 2012 Kyerwa inatoka. Wagonjwa wa Karagwe mpya ni 16,601, na kama safu ya C haijaguswa, kiwango kinaporomoka hadi 39. Mtu atasimama kusema vyandarua vimefanya kazi. Ugonjwa haujasogea hata nukta moja.

Kuna dalili mbili za kulitambua kosa la namna hii. Mstari unaopanda taratibu bila kuyumba na kisha kukatika ghafla katika mwaka wa sensa au mwaka wa kugawa mipaka, huo si ugonjwa. Malaria ya Kagera hupanda na kushuka kwa kufuata mvua, haipandi kama ngazi. Dalili ya pili ni jumla. Ukijumlisha watu wa halmashauri nane za Kagera kwenye jedwali lako la 2012, lazima upate 2,458,023, ambayo ndiyo idadi ya mkoa. Ukipata pungufu umesahau halmashauri, na ukipata zaidi huenda Kyerwa umeihesabu mara mbili, mara moja peke yake na mara nyingine ndani ya Karagwe ya zamani.

Kurekebisha kuna njia mbili. Iliyo rahisi ni kuunganisha: kwa chati yoyote inayoanzia kabla ya 2012, weka nguzo moja ya "Karagwe na Kyerwa", wagonjwa wa zote mbili juu, watu wa zote mbili chini. Kwa miaka ya katikati, kadiria watu kwa kasi ya ukuaji badala ya kugawanya tofauti sawasawa. Kwa mwaka 2007 kasi ya asilimia 4.4 inatoa takriban watu 527,000, wakati kugawanya sawasawa kunatoa 539,000. Njia ya pili ni kurudi kwenye takwimu za kata za 2002, kuzikusanya kata zilizokwenda Kyerwa, kama Murongo, Kaisho, Isingiro, Nkwenda na Mabira, na kuijenga upya Kyerwa ya wakati huo. Hiyo inakupa mistari miwili kamili, lakini inachosha, maana kata nazo zimegawanywa tangu hapo. Mimi ningeanza na ya kwanza.

Wala si Karagwe peke yake. Biharamulo ya 2002 ilikuwa na watu 410,794 kwa sababu Chato ilikuwa ndani yake. Mwaka 2012 Chato imehesabiwa Geita na Biharamulo imebaki na 323,486. Ngara ilishuka kutoka 334,939 hadi 320,056 bila kumegwa, na hapo sababu ni nyingine: 2002 ilikuwa bado na wakimbizi wengi makambini. Kwa hiyo hata ukuaji wa mkoa mzima kati ya sensa hizo mbili hausomeki moja kwa moja.

Tuseme safu ya C imekaa sawa. Linabaki la juu, yaani wagonjwa wenyewe wamehesabiwa wapi. Vitabu vya MTUHA humhesabu mgonjwa kwenye kituo alichotibiwa, na jumla ya vituo hupanda hadi wilayani. Hospitali ya Nyakahanga, ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ilikuwa hospitali teule ya Karagwe nzima kabla ya kugawanywa. Mpaka mpya ulipochorwa, hospitali ilibaki upande wa Karagwe, wagonjwa wake wengine wakajikuta upande wa pili. Mtu wa Nkwenda hakubadili hospitali kwa sababu ya tangazo la serikali.

Tuchukue, kwa hesabu tu, kwamba watu 3,000 wa Kyerwa wametibiwa Karagwe katika mwaka mmoja, huku ugonjwa ukiwa hamsini kwa elfu pande zote. Karagwe itaandikiwa 19,601, sawa na 59 kwa kila elfu. Kyerwa itabaki na 13,051, sawa na 40.7. Pengo la zaidi ya kumi na nane limetokea, na lote limetengenezwa na barabara ya kwenda hospitali. Hapa kugawa kwa watu hakukusaidia. Kumelifanya kosa lionekane la kitaalamu.

Namna ya kulishuku ni kutenganisha waliolazwa na waliopimwa kwenye zahanati. Zahanati hutumiwa na wa jirani, hospitali hutumiwa na wa mbali. Kama kwenye zahanati wilaya mbili zinakaribiana na kwa waliolazwa zinaachana mno, huenda ni safari za wagonjwa. Kisha fungua rejista yenyewe, ambayo ina nafasi ya kuandika anakoishi mgonjwa, na uwapange upya kwa makazi. Kama nafasi hiyo imeachwa wazi kwenye kurasa nyingi, usijaribu kubahatisha: unganisha wilaya mbili na useme umeziunganisha.

Liko kosa jingine dogo ninaloliona mara nyingi kwenye mstari wa chini wa majedwali. Kiwango cha mkoa hakipatikani kwa kujumlisha viwango vya wilaya na kugawa kwa idadi yao. Kama manispaa ya Bukoba ina 10 kwa elfu na Muleba ina 50, wastani wa haraka ni 30. Lakini wagonjwa wa zote mbili ukiwajumlisha na kuwagawa kwa watu wote 669,106, unapata 42.3. Muleba ina watu mara nne na zaidi, na lazima uzito wake uonekane.

Na ukishuka hadi kwenye kata, elfu yenyewe inaanza kukusumbua. Kata ya watu 12,000 yenye vifo sita ina 0.5 kwa elfu; mwaka unaofuata vikiwa kumi ni 0.83, na chati itapiga kelele ya ongezeko la theluthi mbili. Vifo vinne zaidi ni msiba kwa familia nne, ila kwa hesabu vinaweza kuwa bahati mbaya tu. Kwa idadi ndogo kama hizo jumlisha miaka mitatu kwanza, na kando ya kiwango andika idadi ghafi, ili msomaji ajue 0.83 imetokana na watu kumi.

Sensa ya 2022 imeipa Kagera watu 2,989,299, ongezeko la kama asilimia mbili kwa mwaka tangu 2012. Bado kuna majedwali yanayogawa kwa watu wa 2012. Unayeandaa chati ya Karagwe na Kyerwa mwaka huu, andika chini yake mambo matatu: watu ni wa mwaka gani, mipaka ni ya mwaka gani, na wagonjwa wamepangwa kwa kituo au kwa makazi. Chati isiyo na maneno hayo, irudishe kwa aliyeichora kabla haijafika kwenye kikao cha bajeti.