Midomo Mitatu ya Jina la Kanga

Shangazi yangu hachagui kanga kwa rangi. Muuzaji wa pale Ngamiani, Tanga, akimmwagia doti kumi juu ya meza, yeye hushika pindo la chini, akalivuta mpaka kwenye jina, kisha akalisoma kwa sauti ya chini, polepole, kama anayeonja mchuzi akiitafuta chumvi. Akimaliza huuliza: "Hili linasemwa na nani?" Muuzaji hucheka tu, ameshamzoea.

Mimi sikuwa na utaratibu huo. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe alitoka Pangani akaja kunitunza. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, akambeba mtoto usiku ili nilale. Arobaini ilipotimia, siku moja kabla hajaondoka, nikakimbilia dukani na haraka zangu. Nikapenda doti moja ya zambarau yenye korosho kubwa kwenye pembe. Jina lake: TENDA WEMA NENDA ZAKO. Nikaona hapo hapo, hii ndiyo yake. Si ndiyo methali ya mtu mwema, atendaye bila kungoja shukrani?

Nilimkabidhi mbele ya mume wangu. Aliifungua, akasoma, akaikunja tena kwa kufuata mikunjo ile ile ya dukani. "Ahsante, mwanangu," akasema. Halafu akamgeukia mwanawe: "Hivi gari la kwanza la alfajiri linaondoka saa ngapi?"

Tulikuwa tumepanga aondoke saa sita mchana.

Shangazi aliposikia habari hii alishika kichwa. Kisha akanikalisha chini, na somo alilonipa siku ile ndilo ninalotaka kulisifu hapa, maana sijaona likiandikwa popote na watu wanaolijua wanazidi kupungua.

Kwanza, alisema, jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa, aghalabu bila nukta wala mkato. Pumzi anaitia msomaji. Mimi nilisoma kwa mkupuo mmoja, uzito wote nikauweka kwenye "wema". Mama mkwe alipumua katikati. Tenda wema. Nenda zako. Ukipumua hapo, nusu ya pili haifundishi tena, inafukuza. Na "nenda zako" nje ya methali tunamwambia nani? Paka aliyeingia jikoni.

Pili, methali ikiwa mdomoni haimlengi mtu. "Zako" ile ni ya kila mtu, kwa hiyo haimchomi yeyote. Lakini ikishapigwa chapa kwenye kanga, na kanga ikatoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwako, "zako" inakuwa zako kweli. Ndiyo maana shangazi hulipitisha jina kwenye midomo mitatu kabla hajatoa pesa. Hulisema kama mtoaji anayemwambia mpokeaji. Hulisema tena kama mpokeaji, siku atakayoifunga na kupita mtaani, jina likiwa kiunoni kwa nyuma, walio nyuma yake wakilisoma. Kisha hulisema kama jirani mwenye hila, anayetafuta la kushika. Jina likipita salama midomo yote mitatu, analinunua.

Nilijaribu kwa NANI KAMA MAMA. Binti akimpa mama yake mzazi, ni asali tupu. Mama akaivaa, nayo inakuwa majivuno kidogo, lakini yanasameheka. Sasa mkaza mwana amnunulie mama mkwe, huku mama yake mwenyewe amekaa pale pale kwenye mkeka. Maneno hayajabadilika hata herufi, na tayari pana watu wawili wanaotazamana.

Tatu ni siku yenyewe. Kanga ile ile ya zambarau, alisema, ningeipeleka Pangani miezi mitatu baadaye, isingekuwa na neno. Ingesomwa kama sifa. Nilimpa usiku wa kufunga mizigo, begi likiwa mlangoni. Kejeli haikuwa moyoni mwangu, wala kwenye kitambaa haikuwamo. Iliingilia kwenye begi.

Nilimuuliza kama basi kila kanga ni fumbo. Hapo alinikemea, kwa sababu kuna kosa la pili lililo kubwa kuliko la kwanza: kuona kijembe pasipo na kijembe. Wifi yake aliwahi kununa wiki nzima kwa sababu jirani alipita na HASIDI HANA SABABU. Shangazi alimuuliza maswali ya kipelelezi. Kanga ilikuwa mpya au imechakaa? Ilikuwa imepauka, herufi zinasomeka kwa shida. Alikuwa anakwenda wapi? Bombani, na ndoo. Alipita mara ngapi? Kwenda na kurudi. Basi, akasema shangazi, hiyo ni kanga ya kuchotea maji. Mwenye kutupa neno huvaa kanga ambayo bado haijaingia majini, yenye ule ukavu wa dukani, huifunga jina likae wima, na hupita mlangoni kwako hata kama njia yake haipiti hapo. Kisha ukimuuliza, atakujibu kwa uso mkavu: "Mie nimependa rangi tu." Jibu hilo halina dawa, na ndiyo raha ya ufundi wenyewe. Kanga humruhusu mtu aseme na asiwe amesema.

(Kuna na usomaji wa kupitiliza. Kijana mmoja kutoka bara aliniuliza Abdulla ni nani, mbona anamiliki kanga za wanawake wengi hivyo. Alikuwa amesoma MALI YA ABDULLA, chapa ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, akadhani ni sehemu ya ujumbe.)

Siku hizi watu hupiga picha jina peke yake na kulitumiana kwa simu. Shangazi huzikataa picha hizo. Hazionyeshi aliyevaa, mpya au kuukuu, wala mlango aliopitia. Binamu yangu alipomtumia moja na kumuuliza "hapa nimesemwa?", alimjibu alete mwenye kanga, si kanga.

Jambo la mwisho alilonifundisha lilihusu mkasi. Doti ni vipande viwili vilivyoungana, vyenye jina moja. Ukimpa mtu doti nzima, umemwambia neno. Ukiikata, ukampa kipande kimoja na kingine ukabaki nacho, hilo neno mnalisema pamoja, na ncha yake inaelekea nje. Hata jina kali, likivaliwa na mtu na mwenzake, huwa halimchomi yeyote kati yao.

Mwaka uliofuata, mtoto alipoanza kutembea, mtu wa Pangani alituletea mfuko wa dagaa na ndani yake kanga. MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Jasho lilinitoka. Nikaipitisha midomo mitatu. Mama mkwe ananiita nikamtembelee? Au ananikumbusha kwamba mimi ndiye niliyepona, na yeye ndiye mgeni niliyemwambia aende zake? Nilipumua kila mahali pa kupumulia, nisipate jibu. Jioni nikampelekea shangazi.

Hakusoma jina kwanza. Aliigeuza, akapitisha kidole ubavuni, kwenye upindo ulioshonwa kwa mkono, mishono midogo ya mtu mzima aliyevaa miwani.

"Imekuja kipande kimoja," akasema. "Nenda ukaangalie cha pili anakivaa lini."

Jumamosi tukapanda gari la Pangani.