Alama na Muhuri: Uhakiki wa Tafsiri ya Ripoti ya Shule

Tafsiri inayohakikiwa hapa ni ya ripoti ya Darasa la Saba kutoka Tanzania, iliyofanywa kwa Kiingereza kutokana na picha, ili mwanafunzi aombe nafasi ya masomo Marekani. Kosa lake kubwa limo katika Hisabati. Ripoti yasema 41 kati ya 50, daraja A. Mfasiri aligeuza 41 kuwa asilimia 82, kisha, kwa kuwa shule nyingi za Marekani huhesabu 80 hadi 89 kuwa B, akaandika B. Hapo ameacha kutafsiri, amesahihisha mtihani upya. Ilitosha kuiacha A na kutafsiri pia kipimo kilichochapwa chini ya ripoti: A ni 41 hadi 50.

Katika Sayansi, muhuri wa mwalimu mkuu umefunika tarakimu, naye akaijaza kwa kutoa alama nyingine katika jumla. Hesabu huenda ni sahihi, lakini karatasi haisomeki hivyo. Angeandika katika mabano ya mraba kuwa tarakimu imefunikwa na muhuri, akatafsiri maneno na tarehe ya muhuri wenyewe, kisha akaomba picha nyingine iliyopigwa penye mwanga wa kutosha.