Jibu la Muuza Riale

Muuza sarafu za kale akiandikiwa kwamba ameuza feki, kishawishi cha kwanza ni kuapa, na cha pili ni kununa. Vyote viwili havimsaidii mnunuzi, kwa sababu tapeli naye huapa, na hununa kuliko mtu mwema. Jibu linalostahili sifa ni lile linalompa mlalamikaji nyenzo za kumuumbua muuzaji mwenyewe, iwapo kuna la kumuumbua. Kuliandika jibu la namna hiyo ni ufundi, na sijui bidhaa inayouonyesha vizuri zaidi kuliko riale ya Maria Theresa, sarafu nene ya fedha iliyozunguka Uhabeshi, Yemen, Omani na Unguja, na ambayo hadi leo hukutwa ikining'inia katika mikufu ya urithi.

Tuchukue lalamiko la kawaida. Mnunuzi anaandika kwamba sarafu inasema 1780 lakini inang'aa kama ya jana, kwamba mizani yake imesoma gramu 27.9 ilhali amesoma mahali inatakiwa 28.07, na kwamba kwa hiyo ametapeliwa. Muuzaji asiyejua kazi atamwambia hajui kitu. Anayeijua kazi ataanza kwa kumkubalia nusu: ni kweli, sarafu hii karibu hakika haikupigwa mwaka 1780. Maria Theresa alifariki Novemba 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Mashariki ya Kati walikuwa wameshaizoea sura yake na hawakutaka nyingine, hivyo viwanda vya Austria vikaendelea kuipiga kwa mwaka uleule. Mwaka 1935, Italia ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ambako riale hii ndiyo iliyokuwa fedha ya sokoni, Mussolini alipewa na Vienna mihuri ya kuipigia Roma. London, Paris na Brussels nazo zikaanza kupiga zao, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili ikapigwa Bombay pia. Vienna inaipiga mpaka leo. Zote zimeandikwa 1780, na kwa hiyo mwaka ulio juu ya sarafu hausemi chochote kuhusu umri wake.

Hapa ndipo jibu linapopaswa kuwa kali kwa mwandishi wake. Kama tangazo lilisema "riale ya mwaka 1780", mnunuzi ana haki ya kulalamika hata kama fedha ni safi, maana alilipia umri asioupata. Muuzaji aseme hivyo kwa maneno mafupi na akubali kuipokea sarafu. Kama tangazo lilisema imepigwa baadaye, basi mjadala umebaki mmoja: je, imetoka kwenye kiwanda cha serikali, au kwenye karakana ya mtu aliyesubu chuma akakichovya fedha? Maswali haya mawili yakichanganywa, hata ushahidi mzuri hauna pa kusimama. Zipo pia sauti zinazodai kwamba riale za London zenyewe ni bandia, kwa kuwa Waingereza hawakupewa mihuri na Vienna. Naona dai hilo ni zito kisheria kuliko kibiashara: uzito na kiwango cha fedha vilikuwa vilevile, na wakusanyaji huzinunua wakijua ni za wapi. Lakini lazima wajue, na ni kazi ya muuzaji kuwaambia.

Kisha zije picha, na picha za ziada zina maana pale tu zinapoonyesha kile ambacho tangazo halikuonyesha. Sura ya malkia na tai mwenye vichwa viwili kila mwigaji huviiga. Ukingo ndio unaomsumbua. Riale halali ina maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, yaliyoinuka kuizunguka pamoja na mapambo. Sarafu iliyosubiwa mara nyingi huwa na mstari wa kiungo mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, au alama za tupa iliyotumika kuufuta, na herufi zake huwa butu. Kwa hiyo ukingo upigwe picha kipande baada ya kipande hadi duara likamilike, mwanga ukitoka ubavuni ili herufi zitupe kivuli. Chini ya kifua cha malkia pawepo picha ya karibu ya herufi S.F., za wasimamizi wawili wa kiwanda cha Günzburg ambazo warudufishaji waliendelea kuziweka.

Kuhusu uzito, upungufu wa gramu 0.17 katika sarafu iliyopita mikono mingi si ajabu, fedha hulika. Ila muuzaji asiombe aaminiwe, aeleze kipimo ambacho mnunuzi anaweza kukifanya nyumbani kwake. Kikombe cha maji kiwekwe juu ya mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, mizani irudishwe sifuri, kisha sarafu ifungwe uzi mwembamba na izamishwe yote bila kugusa chini wala pembeni. Riale yenye fedha sehemu 833 katika elfu, iliyobaki ikiwa shaba, itaifanya mizani isome karibu gramu 2.75. Shaba iliyochovywa fedha, yenye uzito uleule, itasoma karibu 3.1. Sumaku haitoshi, kwani hata shaba tupu haivutwi nayo. Na kipimo cha maji nacho kina mpaka wake, kwa sababu mchanganyiko wa madini uliokokotolewa kwa makini unaweza kukipita. Ndiyo sababu kisomwe pamoja na ukingo.

Zinabaki karatasi, na hapa wauzaji wengi waaminifu hujiharibia. Risiti inayosema "sarafu moja ya fedha" inathibitisha kwamba mtu fulani alilipa pesa siku fulani, basi. Ankara ya mnada yenye namba ya fungu, ikiambatana na picha ya katalogi, ina nguvu zaidi, lakini ikiwa tu muuzaji ataiunganisha na sarafu hii hii. Aandike hivi: "Ndugu, tazama kovu dogo juu ya bawa la kushoto la tai, na mkwaruzo kando ya tarakimu 7. Vyote vimo katika picha ya mnada, katika tangazo langu na katika picha ninazokutumia leo. Jina la aliyeniuzia nimelifunika. Tarehe, bei na namba ya fungu nimeziacha wazi. Kabla ya mnada huo sijui ilikuwa kwa nani." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Muuzaji anayejaza pengo hilo kwa hadithi ya babu na sanduku la Maskati hudhoofisha hata karatasi zake za kweli.

Wapo watakaosema haya yote ni mzunguko: mrudishie mtu pesa zake, mambo yaishe. Nawaelewa, na ahadi ya kurudisha pesa iwepo tangu mstari wa kwanza, pamoja na kukubali sarafu ipelekwe kwa mkadiriaji asiyefungamana na upande wowote. Lakini pesa zikirudi kimyakimya, riale nzuri imebaki na jina la feki, na mnunuzi ataikataa nyingine nzuri kwa sababu ileile ya kung'aa. Wengine watasema karatasi hughushiwa. Ni kweli, na ndiyo maana jibu halisimamii karatasi peke yake: anayeghushi ankara hana budi pia kupata picha ya katalogi yenye kovu lilelile, na sarafu itakayosoma 2.75 ndani ya maji ya mtu mwingine, kwenye mizani ambayo yeye hakuigusa.